Barua mbili za mpango wa miezi mitatu wa mitandao: mwenye mgahawa aikubali ipi?

Mwenye mgahawa anapoomba mapendekezo kwa washauri wa masoko, barua zinazorudi huwa za aina mbili. Ya kwanza inauza kazi ya kuchapisha: machapisho mangapi kwa wiki, wafuasi wangapi waongezeke. Ya pili inauza wateja wa siku fulani: jioni zipi ziko tupu na nini kifanywe ili viti vikaliwe. Ukizisoma juujuu zinafanana, kwa sababu zote zinataja Instagram, video fupi, ada ya mwezi na ripoti. Tofauti imo katika sentensi chache, nazo ndizo zinazoamua kama mwezi wa nne utakuwa na kitu mkononi.

Tuziweke ubavuni kwa mgahawa wa mfano. Una viti 60. Ijumaa hadi Jumapili jioni hujaa mpaka watu wanarudishwa mlangoni. Jumatatu hadi Alhamisi jioni wastani ni wateja 18. Mpishi, wahudumu, umeme na kodi vinalipwa vilevile, viti vikaliwe visikaliwe.

Barua ya kwanza inaanza hivi:

> YAH: PENDEKEZO LA KUSIMAMIA KURASA ZA MGAHAWA WAKO KWA MIEZI MITATU
>
> Ndugu Mmiliki,
>
> Tunapendekeza kuchapisha mara 5 kwa wiki, jumla ya machapisho 65 kwa wiki 13, pamoja na Stories za kila siku. Tutaandaa kalenda, maelezo ya picha na hashtegi. Lengo letu ni kuongeza wafuasi kwa asilimia 40 na kuujenga mgahawa wako kuwa jina linalotambulika. Ripoti itatolewa kila mwisho wa mwezi.

Ya pili:

> YAH: PENDEKEZO LA KUJAZA JIONI ZA JUMANNE HADI ALHAMISI
>
> Ndugu Mmiliki,
>
> Risiti ulizonipa za wiki 8 zilizopita zinaonyesha kuwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi jioni unapata wastani wa wateja 18 katika viti 60. Mpango huu unahusu jioni hizo tatu tu. Lengo ni wastani wa wateja 30 kwa jioni katika mwezi wa tatu. Jumatatu hatutaigusa, ili tuwe na siku ya kulinganishia. Wiki mbili za kwanza hazitakuwa na tangazo lolote. Zitatumika kurekebisha taarifa zako na namna ya kupokea maombi ya meza.

Sentensi ile ya Jumatatu ndiyo ningeitafuta kwanza katika barua yoyote. Mshauri anayeacha siku moja bila kuigusa anakubali kupimwa. Jumanne ikipanda kutoka 18 hadi 27 na Jumatatu ikabaki 18, kuna jambo limefanya kazi. Zote mbili zikipanda kwa kiasi kilekile, huenda ni msimu, mshahara umetoka, au jirani amefunga, na tangazo halihusiki. Barua ya kwanza haina kitu cha namna hiyo. Wafuasi wakiongezeka kwa asilimia 40 na viti vikabaki vitupu, mshauri atakuwa ametimiza ahadi yake, na wewe hutakuwa na neno la kumwambia.

Bei yake ihesabiwe kwa wateja

Barua ya kwanza huonekana rahisi, na ukitazama ada peke yake ni rahisi kweli. Ili tusifungwe na sarafu yoyote, tuseme mteja mmoja hulipa wastani wa 100 kwa mlo wa jioni. Ukitoa gharama ya vyakula vibichi, vinywaji na makato ya malipo, inabaki 60. Hiyo 60 ndiyo ya kulipia mshauri na matangazo. Ile 100 usiihesabie, kwani 40 yake ilishatumika sokoni.

| | Barua ya kwanza | Barua ya pili |
|---|---|---|
| Ada ya mshauri kwa mwezi | 6,000 | 4,800 |
| Matangazo ya kulipia kwa mwezi | hakuna | 2,400 |
| Jumla kwa miezi mitatu | 18,000 | 21,600 |
| Wateja wa ziada wanaohitajika kurudisha gharama | 300 | 360 |

Barua ya kwanza inahitaji wateja 300 wa ziada ndani ya miezi mitatu, lakini haisemi watatoka wapi wala watakaa siku gani. Wakija Ijumaa, watasimama mlangoni pamoja na wale mnaowarudisha sasa. Ya pili inahitaji wateja 360, na inakuonyesha ngazi: katika mwezi wa kwanza wateja 2 wa ziada kwa jioni, wa pili 7, wa tatu 12. Jioni tatu kwa wiki ni takriban jioni 13 kwa mwezi, hivyo ni 26, kisha 91, kisha 156. Jumla ni 273.

Yaani mpango ukienda sawasawa kama ulivyoandikwa, bado haujarudisha gharama yake mwishoni mwa mwezi wa tatu. Wamepungua wateja 87. Mshauri mwaminifu huiandika hesabu hii ndani ya barua, kisha anaonyesha mwezi wa nne: ada yake imekoma, unabaki na matangazo ya 2,400, ambayo ni sawa na wateja 40. Wateja 156 wakiendelea kuja, 116 wanabaki baada ya kulipia matangazo, na lile pengo la 87 linafungwa ndani ya mwezi huo. Barua inayoahidi faida tangu mwezi wa kwanza kwa bajeti ndogo kama hii imeruka hesabu mahali fulani. Mara nyingi imehesabu mauzo yote ya 100 kana kwamba ni faida.

Punguzo: sentensi fupi inayokula mpango mzima

Barua zote mbili zinaweza kubeba sentensi kama hii: "Tutatangaza punguzo la asilimia 20 kwa siku za katikati ya wiki." Inasikika kama jambo dogo. Ihesabu.

Mteja aliyekuwa analipa 100 sasa analipa 80. Gharama ya jikoni haikupungua, ni 40 ileile, hivyo kinachobaki ni 40 badala ya 60. Wateja 12 wa ziada wanaleta 480 kwa jioni, ambapo bila punguzo wangeleta 720. Hapo bado wengi wangesema ni sawa. Lakini wale 18 waliokuwa wanakuja tangu zamani nao watadai punguzo, na huwezi kuwanyima meza moja huku ukiipa meza ya pili. Hao 18 mara 20 ni 360 uliyoipoteza jioni hiyo. Toa 360 katika 480, unabakiwa na 120. Kwa jioni 13 za mwezi ni 1,560, dhidi ya gharama ya 7,200. Mgahawa umejaa, jikoni wamechoka, na fedha zinatoka.

Ndiyo maana barua ya pili, ikiandikwa na anayejua kazi, haiweki punguzo. Inaweka kitu kisichopatikana siku nyingine: sahani moja inayopikwa Jumanne hadi Alhamisi tu, mlo wa watu wawili wenye hatua tatu kwa bei iliyopangwa na mpishi kutokana na vyakula vyenye gharama nafuu, au meza kubwa ya watu sita hadi nane ambayo wikendi huwezi kuitoa. Mteja wa zamani akiichagua hiyo, hukupoteza kitu.

Kuna chanzo kingine ambacho barua nyingi hukisahau, nacho ni wale wanaorudishwa Ijumaa. Wamekwisha kuja mpaka mlangoni. Mhudumu akiandika jina na namba ya simu kwa ridhaa yao, kisha wakapelekewa ujumbe Jumapili wa kuwekewa meza Jumanne au Jumatano, hilo halihitaji tangazo lolote. Barua ikilitaja, ujue mwandishi wake amesimama mlangoni pako siku ya Ijumaa kabla ya kuandika.

Kazi inayoangukia jikoni

Machapisho 65 yanahitaji kitu cha kupigwa picha. Barua ya kwanza haisemi nani atapika, lini, wala nani atalipia sahani za kupigwa picha. Matokeo yake hujirudia: mwezi wa kwanza picha ni nzuri, mwezi wa pili zinarudiwa zilezile, mwezi wa tatu ukurasa unajaa maneno ya kutakia watu wiki njema juu ya picha za mtandaoni. Ukitaka kujua mapema kama utafika huko, tazama kurasa za mteja mwingine wa mshauri huyo na usogee chini hadi wiki ya nane au ya tisa. Wiki ya kwanza ya kila mtu hupendeza.

Barua ya pili inaomba video 2 kwa wiki, yaani 26 kwa wiki 13, na inazigawa katika vipindi vya kurekodi: saa mbili, mara moja kila baada ya wiki mbili, kati ya saa 9 na saa 11 alasiri, mlo wa mchana ukiwa umekwisha na wa jioni haujaanza. Kila kipindi ni sahani tatu au nne. Idadi hiyo ni muhimu, kwa sababu mpishi mmoja akiulizwa sahani kumi kwa saa mbili, zote zitatoka zimepoa.

Mambo madogo ya kurekodi yanastahili kuwemo ndani ya barua, maana ndiyo yanayotofautisha chakula kinachotamanisha na kile kinachoonekana kimelala. Simu isimikwe na picha ipangwe kwanza kwa kutumia sahani tupu iliyowekwa pale pale, ndipo chakula kitoke jikoni. Mvuke haudumu, na mchuzi huanza kushika utando juu ukisubiri. Meza iwe karibu na dirisha, na taa za dari zizimwe. Mwanga wa mchana na wa taa vikichanganyika, nusu ya sahani inakuwa ya manjano, na hakuna marekebisho ya baadaye yanayoiponya vizuri. Video iwe wima, 1080 kwa 1920, ya sekunde 7 hadi 15, na chakula kionekane katika sekunde mbili za mwanzo. Mlango, kibao na salamu za mwenyeji visitangulie.

Sauti nayo ina mtego. Akaunti ya biashara kwenye Instagram haipewi maktaba yote ya muziki inayopatikana kwa akaunti binafsi, na video yenye wimbo usioruhusiwa kwa biashara inaweza kunyamazishwa au kukataliwa ikifanywa tangazo. Mshauri anayetegemea nyimbo zinazovuma atakwama hapo. Sauti ya kikaango, ya kisu juu ya ubao au ya kinywaji kikimiminwa haikuletei mgogoro huo wa nyimbo.

Mtazamaji wa mbali na jirani mwenye njaa

Barua ya kwanza inategemea usambaaji wa bure. Video ikipendwa, Instagram huipeleka kwa watu wasiokufuata, na hapo ndipo tarakimu hupaa. Shida ni kwamba mfumo huangalia nani atapenda kutazama, hauangalii nani anaweza kufika mezani kwako saa 1 usiku. Fungua takwimu za akaunti yako, upande wa watazamaji, uone miji yao. Ukikuta mji wako haumo katika nafasi za juu, maelfu hayo ya watazamaji ni burudani kwao na hasara ya muda kwako.

Barua ya pili inalipia eneo. Katika Ads Manager, chombo cha kupangia matangazo cha Meta, kampuni inayomiliki Instagram na WhatsApp, unaweka alama mahali mgahawa ulipo na kuchora duara. Kwa jioni ya katikati ya wiki duara liwe dogo, kilomita 3 hadi 5 mahali penye watu wengi, kwa sababu mtu aliyechoka na kazi hasafiri mbali siku ya Jumatano. Wikendi mtu yuleyule angekuja kutoka mbali zaidi, lakini wikendi huhitaji tangazo. Tangazo limpeleke mtu moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp, asipelekwe kwenye ukurasa wa kutazama picha.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mwenye mgahawa anaweza kumwomba mshauri aifanye mbele yake. Lengo ni wateja 12 wa ziada kwa jioni, yaani 36 kwa wiki. Meza moja ikiwa na wastani wa watu 3, ni meza 12. Meza moja katika kila tano zilizowekwa ikikosa kutokea, zinahitajika meza 15 zilizowekwa. Nusu ya wanaoanza mazungumzo wakiishia kuweka meza, yanahitajika mazungumzo 30 kwa wiki. Hizo nusu na tano ni za kukisia mpaka wiki ya nne au ya tano, kisha zibadilishwe kwa tarakimu zako mwenyewe.

Mazungumzo 30 kwa wiki ni machache kwa mfumo wa matangazo. Meta husema kundi moja la tangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki ili litoke katika hatua ya kujifunza, yaani kipindi ambacho mfumo bado unatafuta nani wa kuonyeshwa tangazo. Kwa hiyo barua inayogawa bajeti ndogo katika makundi manne, moja la vijana, moja la familia, moja la wafanyakazi wa ofisini, moja la wapenda chakula, imeandikwa kwa bajeti ya mtu mwingine. Kila kundi litapata mazungumzo saba au nane na litabaki limeandikwa `Learning limited` mpaka mpango uishe. Weka fedha zote katika kundi moja lenye video tatu au nne, na usiibadilishe bajeti wala walengwa kila siku, kwani kila badiliko kubwa hulirudisha kundi mwanzo.

Duara dogo nalo lina mwisho wake. Watu ni walewale, na baada ya wiki chache wameiona video mara nyingi. Tazama safu ya `Frequency`, yaani wastani wa mara ambazo kila mtu ameliona tangazo. Ikipita 3 au 4 kwa wiki na gharama ya kila mazungumzo ikawa inapanda, tatizo haliko katika bei ya chakula wala walengwa. Video imechakaa. Weka mpya kutoka kipindi cha mwisho cha kurekodi. Hiyo ndiyo kazi ya zile video 26: kupokezana katika duara hilo hilo, wala si kutimiza kalenda.

Wiki mbili za kimya

Wenye migahawa wengi huivunja barua ya pili katika wiki mbili za kwanza. Wamelipa, na hawaoni kitu mtandaoni. Barua nzuri huorodhesha kabla nini kinafanyika humo, ili kimya kisionekane uvivu.

Kwanza ni Google Business Profile, yaani taarifa za mgahawa zinazoonekana kwenye Google na ramani zake: saa za kufungua kwa kila siku, siku za kufunga, namba ya simu inayopokewa, alama ya ramani iliyo juu ya mlango wenyewe badala ya barabara ya nyuma, na menyu yenye bei za sasa. Mtu aliyeona tangazo saa 5 asubuhi huja kuthibitisha hapo saa 12 jioni. Akikuta panasemwa pamefungwa, tangazo limemlipia mgahawa wa jirani. Kuhusu maoni ya nyota, mshauri akiahidi kuyapata kwa kuwapa wateja kinywaji cha bure, likatae hilo, kwa sababu Google hukataza maoni yanayotolewa kwa malipo au zawadi, na huweza kuyafuta.

Pili ni nani anajibu. Maombi ya meza ya jioni huja saa zilezile ambazo wahudumu wamezidiwa. Barua iandike cheo cha mtu, kwa mfano "keshia wa zamu ya jioni," simu anayotumia, na muda wa juu wa kujibu, tuseme dakika 15 kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 3 usiku. WhatsApp Business ina majibu ya haraka yaliyohifadhiwa na ujumbe wa kutokuwepo, navyo hutosha kwa maswali ya maegesho, menyu na viti vya watoto. Havitoshi kwa "mnayo nafasi ya watu wanne saa mbili?" Hapo lazima mtu aliye na daftari la meza ajibu, kisha siku yenyewe mchana atume ujumbe wa kukumbusha. Ujumbe huo wa mchana ndio unaopunguza zile meza zisizotokea.

Tatu ni alama ya kujua mteja ametoka wapi. Kila njia ipewe kiungo chake chenye maneno yaliyotangulizwa:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Naomba%20meza%20J1
https://wa.me/NAMBA?text=Naomba%20meza%20J2
```

Mahali pa NAMBA huandikwa namba kamili yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. J1 iwe kiungo kwenye wasifu wa Instagram, J2 kwenye Google. Tangazo la kulipia lina ujumbe wake wa kuanzia unaoandikwa ndani ya Ads Manager, nao upewe J3. Keshia anaandika alama hiyo kando ya jina katika daftari. Wapo watakaoona tangazo na kuja bila kuandika chochote, kwa hiyo daftari litapunguza hesabu. Jumatatu iliyoachwa bila kuguswa ndiyo inayosaidia kuliona hilo.

Ripoti na funguo

Ripoti ya barua ya kwanza itakuwa na waliofikiwa, laiki, wafuasi. Ya pili iwe na mistari minne kwa kila wiki: wateja waliokaa kila jioni kutoka kwenye risiti, meza zilizowekwa kwa alama, meza zisizotokea, na fedha za matangazo. Wiki ilinganishwe na wiki ya nafasi ileile katika mwezi, kwa sababu wiki ya mishahara haifanani na wiki ya kabla yake. Hesabu vichwa, usihesabu bili, maana meza ya watu wanane hutoa bili moja.

Iangalie pia Ijumaa. Ikishuka kwa kiasi ambacho Jumanne imepanda, wateja wamehama siku tu. Kwa mgahawa wetu wa mfano, ambao Ijumaa unarudisha watu, kuhama huko si hasara, kwani kiti kilichoachwa kinakaliwa na mwingine. Kwa mgahawa ambao Ijumaa haijai, ni sifuri kwa sifuri.

Kuhusu funguo, barua zote mbili mara nyingi ziko kimya, na hapa ndipo maumivu makubwa hutokea. Akaunti ya matangazo iwe ya mgahawa, na kadi ya malipo iwe ya mgahawa. Mshauri apewe ruhusa kama mshirika kupitia mipangilio ya biashara ya Meta, na kwenye Google awe msimamizi, wala asiwe mmiliki. Asipewe nywila. Uthibitisho wa hatua mbili uende kwenye simu ya mgahawa. Ukienda kwenye simu yake, siku mkiachana msimbo wa kuingia utaendelea kufika kwake. Wasimamizi wawe wawili upande wako, ili simu moja ikipotea usifungiwe nje. Na video ghafi zikabidhiwe baada ya kila kipindi cha kurekodi, sio mwisho wa mkataba.

Ipi kwa nani

Barua ya kwanza ina mahali pake. Mgahawa mpya wenye ukurasa mtupu unaihitaji kwanza, kwa sababu mtu akiona tangazo huenda kutazama ukurasa, na akikuta picha nne za giza anaondoka. Pia inafaa mgahawa unaotegemea wageni wanaosafiri kutoka mbali na kuchagua wiki kadhaa kabla, ambao duara la kilomita 5 haliwagusi. Hata hapo, punguza 5 kwa wiki ziwe 3, na udai ratiba ya kurekodi iliyoandikwa.

Kwa mgahawa unaojaa wikendi na kulegea katikati ya wiki, ichukue ya pili. Kama ukurasa wako ni dhaifu, omba kipindi cha kwanza cha kurekodi kifanyike ndani ya zile wiki mbili za kimya, zitoke picha tisa hadi kumi na mbili, na tatu kati yake zibandikwe juu ya ukurasa: menyu, mahali mlipo, na ile sahani ya Jumanne hadi Alhamisi. Tangazo lianze baada ya hapo.

Kama mazungumzo 30 kwa wiki hayatapata mtu wa kuyajibu, usikubali yoyote kati ya hizo mbili kwa sasa. Muulize keshia kwanza.

Kabla ya kutia sahihi, mwandikie mshauri aongeze kifungu kimoja: mwisho wa wiki ya 6 mtakaa pamoja na daftari. Ikiwa jioni hizo tatu hazijapata kwa wastani angalau wateja 4 zaidi ya Jumatatu kwa kila jioni, matangazo yanasimama, kiini kinatafutwa kati ya sahani inayotangazwa, muda wa kujibu na meza zisizotokea, na wewe una haki ya kusitisha kwa taarifa ya siku 14 bila kulipia mwezi wa tatu.